Unafanya hivi, halafu hivi: video moja ya maji ya chumvi na sukari ilivyofikishwa kwa viziwi na wasioona

Ndugu watayarishaji wa video, wapiga picha, wahariri, na ninyi mnaoandika miswada ya vipindi, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza video ambazo kiziwi na mtu asiyeona wanaweza kuzifuata. Somo hili likizungumzwa kwa upana wake huishia kwenye orodha ndefu ya masharti, ambayo msikilizaji huisahau kabla hajafika kituo cha daladala. Kwa sababu hiyo nimechukua video moja tu, ya dakika tatu na sekunde kumi, ambayo mimi mwenyewe nililetewa niiandikie manukuu, na ambayo mwishoni ilitulazimu kuirudia karibu nusu yake. Nitawaeleza tulichokikuta ndani yake, makosa niliyoyafanya mimi, na jinsi tulivyoyagundua.

Video yenyewe ilikuwa ya muuguzi anayemfundisha mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani, kwa ajili ya mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti ya ORS haipatikani. Vipimo vyake wengi wenu mnavijua: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai, nacho kimesawazishwa. Mchanganyiko ukimaliza saa 24 humwagwa, ukatengenezwa mwingine. Nimeichagua video hii kwa sababu humo ndani kosa dogo si la kuudhi tu. Sukari ikizidi huongeza kuharisha, na chumvi ikizidi inaweza kumletea mtoto degedege.

Nianze na mtu asiyeona, kwa kuwa ndiye aliyetufumbua macho kwanza, kama mtaniruhusu kusema hivyo. Kabla ya kuandika chochote, nilifanya jambo ambalo nawaomba nanyi mlifanye kwa kila video mtakayoitoa: niligeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikasikiliza. Nikasikia maji yakimiminwa, nikasikia kijiko kikigonga bakuli, kisha sauti nzuri ya muuguzi ikisema, “Unachukua kijiko chako hiki, unachota, halafu unafanya hivi. Umeona? Usiache kikawa vile, kiwe hivi.” Nikabaki nimeduwaa. Picha ilikuwa inaonyesha kitendo ambacho ndicho kiini cha somo zima, yaani kisu kinapita juu ya kijiko na kukata ule mlima wa sukari ili kijiko kiwe sawasawa na ukingo wake. Kijiko kilichojaa hadi kufanya kichuguu kinaweza kubeba karibu maradufu ya kilichosawazishwa. Mama asiyeona angemaliza video nzima akiamini kwamba amefundishwa, ilhali “vile” na “hivi” havikuwa na tofauti yoyote masikioni mwake.

Kiswahili chetu ni tajiri mno wa maneno ya kuonyesha kwa kidole. Tuna hivi na vile, hapa na pale, huyu na yule, na kila ngeli ina seti yake. Mazungumzoni yanatusaidia sana, lakini mbele ya kamera yanakuwa mashimo, maana kila neno la namna hiyo linamwambia mtazamaji atazame. Nimejenga tabia ya kupitia mswada na kuzungushia duara kila “hivi” na kila “hapa”, kisha kumuuliza mwandishi: ukifumba macho, neno hili limebeba nini? Katika mswada huu wa dakika tatu nilipata maduara 14.

Hapo ndipo yanapoingia maelezo ya sauti. Maelezo ya sauti ni sauti ya pili, ya msimulizi, inayotaja yale yanayoonekana tu na yasiyosikika, na ambayo huingizwa katika mapengo ambamo mhusika mkuu amenyamaza. Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Waliokua wakisikiliza mpira redioni wanajua kwamba mtangazaji hodari hakusema “ameupeleka kule”. Alisema mpira uko wingi ya kushoto, mita chache nje ya kumi na nane, na nani anamkabili nani. Tofauti ni kwamba mtangazaji wa redio ana nafasi yote ya kusema, wakati msimulizi wa video hupewa sekunde mbili tatu kati ya sentensi za mtu mwingine, na haruhusiwi kumfunika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima mapengo. Niliipitia video na saa, nikaandika kila kimya kinapoanza na kinapokwisha. Pale kisu kinapopita juu ya kijiko palikuwa na sekunde 2.8 za ukimya. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, “Muuguzi anachukua kisu kilichokuwa mezani na kukipitisha juu ya kijiko ili sukari iliyozidi ianguke.” Ni sentensi nzuri, ila haikai. Niliisoma kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, ikachukua zaidi ya sekunde tano. Nikaifupisha ikawa, “Anasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu.” Hiyo ilikaa, ikaacha na pumzi kidogo. Msihesabu maneno kwa kuyatazama kwenye karatasi. Yasomeni kwa sauti huku saa ikitembea, na asome yule yule atakayerekodi, kwa kuwa watu hawana mwendo mmoja.

Kuna jambo jingine la lugha yetu ambalo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiwezi kutufundisha. Kwa Kiingereza msimulizi akitaja kiwakilishi tu, msikilizaji ameshajua anayetenda ni mwanamke au mwanamume. Kwetu “anaingia” ni yeyote. Katika video hii watu wawili waliingia kwenye picha: mama wa mtoto na, baadaye, baba aliyeleta maji. Rasimu yangu ya kwanza ilisema “anaweka ndoo chini”, na asiyeona aliyeisikiliza akadhani mama amemwacha mtoto akaenda kisimani. Tulibadilisha ikawa “Baba anaweka ndoo chini.” Neno moja lilitosha, lakini lilipaswa kuwapo, na kwa Kiswahili litapaswa kuwapo kila mara mtu mpya anapojitokeza.

Sehemu iliyotushinda kabisa ilikuwa dalili za hatari. Muuguzi alisema, mfululizo na bila kuvuta pumzi, “Ukimwona mtoto wako amekuwa hivi, na macho yako hivi, na ukimfinya hapa ngozi inafanya hivi, mama usikae, mkimbize kituo cha afya.” Wakati anasema hayo picha zilikuwa zinapita: mtoto aliyelegea, macho yaliyobonyea, vidole viwili vikifinya ngozi ya tumbo na ngozi ikirudi mahali pake polepole sana. Hapakuwa na pengo hata la nusu sekunde. Katika hali kama hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kuisimamisha picha, msimulizi aseme anachotaka, kisha video iendelee. Toleo hilo linakuwa refu kuliko la awali na hutengenezwa peke yake. Ya pili ni kurudi kwa muuguzi na kumwomba aseme kwa kinywa chake kile anachokionyesha. Tulichagua ya pili. Alirekodi upya: “Mtoto akilegea, macho yakibonyea, na ukimfinya ngozi ya tumbo ikirudi polepole, mkimbize kituo cha afya.” Sentensi ikawa fupi kuliko ile ya mwanzo, na haikuhitaji msimulizi. Tena, kufinya ngozi ni jambo ambalo mzazi asiyeona analiweza vizuri kwa vidole vyake, sawa na kupapasa utosi wa mtoto mchanga kama umebonyea. Tungeng'ang'ania maelezo ya sauti tungekuwa tunatibu jeraha tulilolichoma sisi wenyewe kwenye mswada. Msimamo wangu, na wapo wenzangu wasioukubali, ni kwamba katika video za mafunzo maelezo ya sauti mengi ni ushahidi wa mswada ulioandikwa vibaya. Katika tamthilia mambo ni tofauti, maana huko ukimya wa mhusika una kazi yake.

Sasa nije kwa kiziwi, na kwenye kosa langu.

Manukuu ni maandishi ya yale yanayosemwa, pamoja na sauti nyingine zenye maana, yanayotokea kwenye skrini kwa wakati wake. Kila anayeyaandika hukutana na tatizo lile lile: watu husema haraka kuliko wanavyoweza kusomwa. BBC imekuwa ikipendekeza kasi ya maneno 160 hadi 180 kwa dakika. Nilipoanza kazi hii niliichukua namba hiyo kama ilivyo, nikaitumia kwa Kiswahili, na kwa miezi kadhaa sikuelewa kwa nini viziwi waliniambia manukuu yangu yanakimbia. Jibu liko ndani ya neno lenyewe. Chukueni sentensi hii ya muuguzi: “Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe.” Hayo ni maneno 10, na kwa hesabu ya maneno 180 kwa dakika yangepewa sekunde 3.3 hivi. Lakini “yaliyochemshwa” peke yake ina herufi 14, na ndani yake mna ngeli, wakati, urejeshi na utendwa, vitu ambavyo Mwingereza angevigawa katika maneno manne. Sentensi nzima, pamoja na nafasi na nukta, ina herufi 62. Ukiigawa kwa sekunde 3.3 unampa msomaji herufi 19 kwa sekunde. Kwa msomaji mwepesi hilo linawezekana. Kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama, na Kiswahili cha maandishi alikikuta darasani kama lugha ya pili, ni mbio.

Tangu hapo nahesabu herufi, siyo maneno, na katika video za umma sipendi kuvuka 14 au 15 kwa sekunde. Sentensi ile ilihitaji sekunde nne na nusu. Nilizipata wapi? Muuguzi aliisema kwa sekunde 3.3, kisha akanyamaza huku akimimina maji. Manukuu yakaanza pamoja na sauti yake na kubaki kwenye skrini sekunde moja na ushei baada ya yeye kunyamaza. Hivi ndivyo yalivyo kwenye faili:

```
WEBVTT

00:00:31.000 --> 00:00:35.500
Chukua lita moja ya maji safi
yaliyochemshwa na kuachwa yapoe.
```

Tazameni na mahali mstari ulipokatika. Mstari wa kwanza una herufi 29 na wa pili 32, na wengi wetu tunajiwekea kikomo cha kati ya 37 na 42. Lakini urefu si ndio ulioamua. Ningeweza kukata baada ya “ya”, nikaacha “lita moja ya” ikining'inia, na jicho lingelazimika kushuka chini likiwa bado linauliza ya nini. Neno la uhusiano, ya, wa, cha, la, lisitengwe na jina linalolifuata. Kata kabla ya “lakini”, kabla ya “ili”, kabla ya “ambaye”, au, kama hapa, kabla ya kitenzi chenye urejeshi, mahali ambapo hata msemaji angeweza kuvuta pumzi.

Pale ambapo hakuna pengo la kunyoosha, mwandishi hufupisha, na hapo ndipo nilipoanguka. Muuguzi alisema, kwa kasi, “Halafu sasa unaweka chumvi, na chumvi yenyewe mama isizidi, ni nusu kijiko cha chai tu, umenielewa?” Mara moja akaendelea na jambo jingine. Nilikata “sasa”, nikakata “yenyewe”, nikakata “umenielewa”, nikapanga upya, nikafurahi kwamba imekaa. Manukuu yangu yalisomeka: “Halafu weka chumvi, kijiko cha chai. Isizidi.” Niliisoma tena na tena nikiwa nimewasha sauti, na kila nilipoisoma nilisikia “nusu”, kwa kuwa muuguzi alikuwa anaisema. Mwenzangu kiziwi aliyekuwa anaipitia kazi, ambaye alikuwa na mswada wa vipimo kwenye karatasi, ndiye aliyeninyooshea kidole. Nilikuwa nimewaambia wazazi viziwi waweke chumvi mara mbili ya inayotakiwa.

Kuanzia siku hiyo nina kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba mapitio ya mwisho nayafanya sauti ikiwa imezimwa, na karatasi ya vipimo mkononi, ili sikio lisilipe jicho deni. Ya pili ni kwamba kabla ya kufupisha chochote napigia mstari yasiyoguswa: namba, vipimo, majina ya dawa, na makanusho. Makanusho kwa Kiswahili ni hatari ya pekee, kwa sababu yanajificha ndani ya silabi moja. “Usiache kumnyonyesha” na “Uache kumnyonyesha” zinatofautiana kwa herufi mbili, na ushauri unageuka kichwa chini miguu juu. Mahali pa namna hiyo mimi huona ni afadhali kuligeuza kanusho likawa kauli ya kukubali, “Endelea kumnyonyesha”, ambayo hata kidole kikiteleza haiwezi kuwa kinyume chake.

Sauti zisizo maneno nazo zina hesabu yake. Si kila sauti huandikwa. Kuku aliyewika nyuma ya nyumba nilimwacha awike. Lakini kilio hafifu cha mtoto, kilichosikika nje ya picha na kumfanya muuguzi ageuke ghafla, kiliandikwa katika mabano ya mraba: [mtoto analia kwa sauti dhaifu]. Bila hayo, kiziwi anamwona mtu akigeuka bila sababu. Wala haisaidii kuandika “ngo ngo ngo” kwa mlango. Mwigo wa sauti una ladha kwa aliyewahi kuisikia sauti hiyo. Kwa ambaye hajawahi kuisikia, [mlango unagongwa] ndiyo habari yenyewe.

Mtaniuliza: mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini hatoshi? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003 iliwataka wenye vituo vya televisheni kuweka mkalimani au manukuu katika taarifa za habari na vipindi vya elimu, na mimi nimekuwa nikilitazama lile neno “au” kwa mashaka. Aliyezaliwa kiziwi na kukulia katika lugha ya alama humfuata mkalimani kwa urahisi zaidi. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka sitini hajui ishara hata moja, na yeye manukuu ndiyo mlango wake wa pekee. Hao ni watu wawili, na kila mmoja ana haja yake. Katika video yetu tuliweka vyote viwili, na tukahakikisha kwamba manukuu hayapiti juu ya mikono ya mkalimani wala juu ya mdomo wa muuguzi, kwa kuwa wapo wanaosoma midomo.

Jambo la tatu ni utofautishaji wa rangi, na hapa nitatumia hesabu kidogo. Video ilikuwa na maandishi makubwa yaliyobandikwa na mhariri. Vipimo viliandikwa kwa njano juu ya vigae vyeupe vya jiko, na onyo la USIZIDISHE CHUMVI liliandikwa kwa nyekundu juu ya ukanda wa kijani. Mhariri aliniambia kwamba nyekundu na kijani ni rangi zinazopingana kabisa, hivyo onyo haliwezi kupotea. Ni kweli zinapingana kwa aina ya rangi. Lakini jicho husoma herufi kwa tofauti ya mwanga zaidi kuliko kwa aina ya rangi, na mwanga wa rangi hizo mbili unakaribiana sana.

Mwongozo wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zifuatwe na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, hupima tofauti hiyo kwa kugawanya mng'ao wa rangi angavu kwa mng'ao wa rangi iliyofifia, kila upande ukiongezewa kwanza 0.05. Nyeupe juu ya nyeusi hutoa 21 kwa 1, na hapo ndipo kilele. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa ni 3 kwa 1. Nyekundu yetu ilikuwa #FF0000 na kijani #008000. Matokeo yake ni 1.28 kwa 1. Njano #FFFF00 juu ya nyeupe ni mbaya zaidi, 1.07 kwa 1, maana yake kwa mwenye uoni hafifu ni karatasi tupu. Wapo wanaume wengi wenye upofu wa rangi usiowatofautishia nyekundu na kijani, na hao hata ile aina ya rangi aliyoitegemea mhariri hawaipati.

Kuna sababu nyingine, ya kiufundi, ambayo wahariri hawaambiwi. Video tunazorushiana huhifadhi mwanga wa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa kwa kundi la nukta nne pamoja, ili faili liwe dogo. Herufi zinazotegemea rangi peke yake hupakaa kingo zake, na kila inapobanwa upya ili itumwe hupakaa zaidi. Ndiyo maana onyo lililosomeka kwenye kompyuta ya mhariri lilifika kwenye simu ya mama likiwa ukungu. Njia rahisi ya kujipima, bila hesabu yoyote, ni kuondoa rangi zote kwenye programu ya kuhariri na kuitazama video ikiwa ya kijivu. Onyo letu lilipotea kabisa.

Dawa yake si ya kifahari. Tuliweka maandishi meupe juu ya kisanduku cheusi. Mhariri hakutaka kisanduku kizito kinachoziba picha, tukakubaliana cheusi chenye uzito wa asilimia 75, ambacho hata kikikaa juu ya kigae cheupe pe bado kinatoa takribani 10 kwa 1. Nasisitiza kigae cheupe, kwa kuwa watu wengi hupima pale picha ilipo na giza, wakafurahi, kisha mpiga picha anahamisha kamera kuelekea dirishani. Pimeni fremu mbaya kuliko zote. Na kwa upande wa pili, msiigeuze skrini nzima kuwa nyeupe kwa kudhani mwanga mwingi unasaidia. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Bango jeupe linalolipuka kati ya picha mbili za giza huwafanya wafumbe macho wakati ule ule mnapotaka wasome.

Niseme kidogo kuhusu usambazaji, maana hapo kazi nzuri nyingi hufia. Faili la manukuu lililo kando, kama lile nililowaonyesha, ndilo bora: mtazamaji anaweza kuyawasha, kuyazima na kuyakuza. YouTube hulipokea. Lakini video ya afya kwetu husafiri kwa WhatsApp, kutoka kundi la kanisa kwenda la msikiti kwenda la kikoba, na huko faili la kando haliendi nayo. Kwa hiyo tulitoa matoleo matatu: moja lenye manukuu yaliyochomwa kwenye picha kwa ajili ya kurushiana, moja lenye maelezo ya sauti, na moja safi lenye faili kando. Pamoja nayo tuliambatisha maandishi matupu ya kila kilichosemwa na kilichoonyeshwa, ili mtu ambaye ni kiziwi na pia haoni ayasome kwa mashine ya nukta nundu, kwa sababu manukuu yaliyochomwa kwenye picha hayasomeki na kifaa chochote cha namna hiyo. Majina ya mafaili tuliyaandika waziwazi, hasa la maelezo ya sauti, maana mwenye kisoma skrini huchagua kwa kusikia jina.

Jaribio la mwisho tulilifanya jikoni. Tulimwalika dada mmoja asiyeona, mwenye watoto wawili, tukampa chupa ya lita moja, sukari, chumvi, kijiko na kisu, tukamchezea toleo lenye maelezo ya sauti, na hatukumwambia lolote zaidi. Alifuata vizuri hadi msimulizi aliposema, “Anasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu.” Akaacha. Akauliza, “Kisu cha nini? Mtoto anaharisha, mwingine yuko miguuni pangu, halafu nishike kisu nisichokiona?” Akanawa mkono, akachota sukari, akapitisha kidole cha shahada juu ya kijiko kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, na kijiko kikawa sawasawa kuliko cha muuguzi. Tulimpigia simu muuguzi jioni ile ile. Katika toleo mnaloweza kulitazama leo anasema, “Sawazisha kijiko kwa kidole ulichonawa, au kwa mgongo wa kisu,” na kamera inaonyesha kidole.